Ufunguo unakaza kwenye kufuli: grafaiti ndiyo dawa, lakini mafuta yatoke kwanza

*Shikamoo fundi. Nina duka dogo hapa Tanga, kwenye barabara ya vumbi. Kufuli la geti langu la nondo ni la shaba, lina miaka kama minne. Siku hizi ufunguo unaingia kwa kusukuma na unazunguka kwa shida, naogopa utakatikia ndani. Niliweka mafuta ya cherehani, likalainika siku chache kisha likarudi kulekule. Mara ya mwisho niliweka mafuta ya kupikia, sasa ni balaa. Jirani anasema nitumie penseli badala ya mafuta. Ni kweli, au maneno ya mtaani tu? Na kitasa cha mlango wa nyumbani, kinachokaza pia, nikifanye hivyohivyo?*

Marahaba, dada. Jirani yako kasema kweli. Risasi ya penseli ni grafaiti, na grafaiti ndiyo inayofaa kufuli la namna hiyo. Ila usiiweke leo. Grafaiti ni unga mkavu, na ukikutana na mafuta unageuka tope jeusi linaloziba zaidi ya mafuta yenyewe. Kufuli lako lina mafuta ya aina mbili ndani, kwa hiyo kazi kubwa hapa ni kuyatoa. Kuweka grafaiti ni kazi ya dakika mbili za mwisho.

Kabla ya yote, hakikisha kwamba ugumu uko ndani ya kufuli kweli. Asubuhi ukishafungua duka, livue kufuli kwenye geti, lishike mkononi, ulifunge na kulifungua hapo hapo. Kama mkononi linafunguka kwa wepesi na kwenye geti linagoma, kufuli halina ubaya. Geti limeshuka, na vile vishikio viwili vinavyopitisha kufuli havitazamani tena, kwa hiyo upinde wa kufuli unabanwa huku na huku. Unapozungusha ufunguo unakuwa unapambana na uzito wa geti zima. Liinue geti kidogo kwa mkono mmoja huku unazungusha ufunguo kwa mkono wa pili. Likifunguka, anayehitajika ni fundi wa kuchomelea, na hakuna grafaiti wala mafuta yatakayokusaidia.

Jaribio la pili ni ufunguo wa akiba, ule uliokuja na kufuli dukani na pengine haujatumika sana. Kama huo unazunguka vizuri, ubaya uko kwenye ufunguo unaotembea nao. Funguo zinazochongwa mtaani mara nyingi huchongwa kwa kufuata ufunguo mwingine ambao nao ulichongwa, na kila nakala inaongeza kosa dogo. Weka funguo hizo mbili mgongo kwa mgongo, uzielekeze kwenye mwanga, ulinganishe meno. Ukiona bonde moja limelika likawa la mviringo ilhali kwenye ufunguo wa akiba lina kingo, hapo umepata jibu. Tazama pia kama ufunguo umepinda: uulaze kwenye kioo uone kama unakaa sawa.

Kwa maelezo yako, lakini, ufunguo unakaza tangu kuingia, kabla hata hujauzungusha, na ulikuwa ukilainika kila ukiweka mafuta. Hizo ni dalili za uchafu ndani ya pini. Hebu nikueleze kinachotokea humo, maana ukikielewa hutajaribu tena kuweka mafuta ya kupikia.

Kufuli lako, kama lilivyo kufuli la shaba la kawaida na kitasa cha silinda, linafanya kazi kwa mpango ambao Mmarekani Linus Yale mdogo aliuboresha miaka ya 1860. Ndani kuna kipande cha mviringo ambacho ndicho kinachozunguka pamoja na ufunguo. Juu yake yamepangwa matundu membamba, mara nyingi manne au matano, na kila tundu lina pini mbili zilizopandana na springi ndogo inayozisukuma chini. Ufunguo ukiingia, meno yake yanazinyanyua pini hizo. Zikifika kimo sahihi, maungio ya kila jozi yanakaa sawa kabisa na ukingo wa kile kipande cha mviringo, na kinazunguka. Pini moja ikibaki juu au chini hata kidogo, inakikatalia.

Pini hizo zina unene wa kama milimita 3, na nafasi kati ya pini na ukuta wa tundu lake ni ndogo kuliko sehemu ya kumi ya milimita moja. Springi yenyewe ni nyembamba mno, nguvu yake ni ya kusukuma kipini chepesi tu. Sasa weka mafuta humo. Siku ya kwanza pini zinateleza na unafurahi. Lakini mafuta hayakai peke yake. Kila ufunguo unapoingia unabeba vumbi la barabara, nyuzi za mfukoni na unga wa sembe kama uliushika ukiwa unapima. Mafuta yanavishika vyote na kuvibakiza. Humo humo kuna chembechembe za shaba zinazotoka kwenye pini na ufunguo wenyewe kwa kusuguana. Mchanganyiko huo unasaga kama msasa, na wakati huohuo unanata. Springi inashindwa kuirudisha pini chini kwa wakati, ufunguo unakuta pini zimening'inia, na hapo ndipo unapousukuma kwa nguvu.

Mafuta ya kupikia yana ubaya wake wa ziada. Yakikaa kwenye hewa hubadilika yenyewe, yanakauka yakawa utando mgumu, ule ule wa kahawia unaouona pembeni mwa kikaango kilichotumika miaka. Mafuta ya cherehani hayafanyi hivyo, ndiyo maana mara ya kwanza ulipata nafuu ya siku kadhaa na mara hii hukuipata. Niliwahi kuifungua silinda ya mlango iliyotiwa mafuta ya kupikia kwa muda mrefu. Pini mbili za mbele, zilizo karibu na tundu la ufunguo, hazikudondoka hata nilipoigeuza silinda na kuigonga mezani. Ilibidi nizisukume kwa sindano. Zilitoka zimevikwa gamba la kahawia, na ndani ya gamba mlikuwa na chembe za mchanga zinazoonekana kwa macho. Pini za nyuma kabisa, ambako mafuta na vumbi vilifika kidogo, zilitoka zenyewe zikiwa bado zinang'aa.

Basi, usafi. Maji na sabuni achana nayo. Mafuta ya taa nayo huyayeyusha mafuta mengine lakini yanaacha utando wake. WD-40 watu wengi huitumia kama kilainishi cha kufuli. Inaosha vizuri na inafukuza maji, lakini ikishakauka inaacha mafuta nyuma, na mafuta hayo yataivuruga grafaiti. Kwa utando wako wa mafuta ya kupikia ninakushauri thina, ile inayouzwa kwa mafundi wa kupaka rangi magari, au breki klina ya kopo kutoka duka la vipuri. Zote mbili huyayeyusha mafuta na kuruka hewani. Kwa kuwa thina mtaani huchanganywa ovyo, ijaribu kwanza: dondosha tone moja kwenye kioo safi, liache likauke, upitishe kidole. Kama kioo kimebaki na utelezi au ukungu, tafuta nyingine.

Fanya kazi hii nje, penye upepo, mbali na jiko na sigara, maana mvuke wa thina unashika moto kwa umbali usioutarajia. Vaa glavu na uangalie macho. Vua ganda la plastiki kama kufuli lako linalo, kwa sababu thina italiyeyusha. Kisha fungua kufuli, na libaki wazi muda wote wa kazi. Ukilifunga na pini zikagoma, utakuwa umejiongezea shida.

Chukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, au kopo la bati, uweke thina ya kulifunika kufuli. Litumbukize na uliache kama nusu saa. Litoe, na likiwa bado limelowa ingiza ufunguo na kuutoa mara kumi hivi bila kuuzungusha. Ufute ufunguo kwa kitambaa cheupe, na rangi utakayoiona hapo ndiyo itakayokuongoza. Mara ya kwanza kitambaa kitakuwa cheusi au cha kahawia. Ligeuze kufuli tundu likitazama chini, ligonge taratibu kwenye kipande cha ubao ili uchafu udondoke, mwaga thina chafu, weka mpya, urudie. Unaposhindilia ufunguo sasa jaribu pia kuuzungusha, ila kwa vidole viwili tu, na ukikataa usilazimishe. Endelea mpaka ufunguo utoke bila kuacha alama kwenye kitambaa. Kwa kufuli lililotiwa mafuta ya kupikia usitegemee kumaliza kwa mzunguko mmoja. Ule utando hulainika polepole, na mara nyingine inafaa kuliacha usiku mzima kwenye chupa iliyofunikwa.

Ukimaliza, likaushe. Kama una pampu ya baiskeli, pulizia hewa kwenye tundu la ufunguo na kwenye matundu mawili ya upinde. Kisha liweke juani saa mbili au tatu, tundu likitazama chini. Ukilinusa na bado linatoa harufu ya thina, halijakauka, na grafaiti isubiri.

Hapo ulifunge na kulifungua kidogo kabla ya kuweka chochote. Mara nyingi kufuli lililosafishwa vizuri linazunguka vyema hata likiwa kavu, na hiyo ndiyo njia ya kujua kwamba tatizo lilikuwa uchafu. Kama limekuwa safi kabisa na bado linagoma, ufunguo au pini zimelika. Huko nitarudi.

Sasa grafaiti. Hii ni kaboni iliyojipanga kwa matabaka membamba sana. Ndani ya tabaka moja chembe zimeshikana kwa nguvu, lakini tabaka na tabaka zimeshikana kwa ulegevu, kwa hiyo zikisuguliwa zinateleza moja juu ya nyingine. Ndiyo maana penseli inaacha alama kwenye karatasi, na ndiyo maana pini iliyopakwa grafaiti inapanda na kushuka bila kizuizi. Ni kavu, kwa hiyo vumbi likiingia halipati pa kunata, linadondoka au linatoka na ufunguo. Wengine huniuliza kama unyevu wa pwani hauiharibu. Utelezi wake haudhuriki, kwani grafaiti inahitaji unyevu kidogo wa hewani ili iteleze vizuri. Mahali pasipo na hewa kabisa, kama angani wanakopeleka setilaiti, inapoteza utelezi. Na hapa nyumbani imelala ardhini kwetu, Mahenge na Ruangwa.

Ukiipata ya unga kwenye kichupa cha kubinya, katika duka la vifaa vya ujenzi, chukua hiyo. Weka ncha ya kichupa kwenye tundu la ufunguo na ubinye mara mbili, kidogo kidogo. Basi. Ingiza ufunguo na kuutoa mara kumi, kisha uzungushe huku na huku mara chache ili unga usambae kwenye pini zote. Futa ufunguo, rudia kuingiza na kufuta mpaka usiwe unachafua vidole. Usiendelee kubinya kwa kudhani kingi kitasaidia zaidi. Unga ukizidi unajaa chini ya njia ya ufunguo na kushindiliwa mwisho wa tundu. Utaijua hali hiyo kwa sababu ufunguo hauingii mpaka mwisho kama ulivyokuwa ukiingia, na mikono na nguo zinachafuka kila siku. Dawa yake ni kuligeuza kufuli, kuligonga, na kupulizia pampu.

Ukikosa unga, penseli ya jirani inatosha, ila si kila penseli. Tangu Mfaransa Conté alipoleta mbinu hiyo mwaka 1795, risasi ya penseli imekuwa ni grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi na kuokwa. Zenye herufi H zina udongo mwingi na ni ngumu, zenye B zina grafaiti nyingi na ni laini. Ile ya HB ya wanafunzi iko katikati. Tafuta 4B au 6B kwenye maduka ya vifaa vya kuchorea, au 2B ukikosa. Paka kwa wingi kwenye meno ya ufunguo, kwenye mabonde yote na kwenye mifereji ya ubavuni, mpaka chuma kiwe kijivu kinachong'aa. Ingiza, toa, zungusha, paka tena. Rudia mara nne au tano. Usichonge penseli na kumwaga unga wake tunduni, kwa sababu vipande vya mbao na vya risasi vitaingia navyo, na kuvitoa ni taabu.

Kuna mahali ambapo ushauri wa jirani unafikia kikomo, hasa kwa mtu wa Tanga. Grafaiti haizuii kutu. Tena, ikigusana na chuma au aluminiamu penye maji ya chumvi, inaharakisha kuliwa kwa metali hiyo. Pini na silinda ya shaba hazina wasiwasi mkubwa, lakini upinde wa juu wa kufuli lako ni wa chuma. Kwa hiyo huko usipeleke grafaiti. Ule upinde, na hasa mikato yake miwili inayoshikwa ndani, upake mafuta ya cherehani kidogo kwa kitambaa. Usidondoshe tone kwenye matundu yake, maana litateremka hadi kwenye pini. Vilevile bawaba za geti zitie grisi kama kawaida, hizo ni kazi ya mafuta. Unaweza pia kukata kipande cha mpira wa tairi la ndani na kukining'iniza juu ya kufuli, kinachofunika upande wa tundu. Kinazuia mvua ya kusi na vumbi la kaskazi kwa gharama ya bure.

Makufuli yenye visahani vinavyozunguka badala ya pini, ambayo huonekana kwa ufunguo wa nusu mviringo usio na meno ya kawaida, hayako kwenye maelezo haya. Hayo fuata karatasi iliyokuja nayo, kwa kuwa mara nyingi yanataka mafuta mepesi. Kitasa cha umeme nacho usikitie grafaiti kamwe, maana inapitisha umeme.

Kitasa chako cha nyumbani kijaribu kwanza mlango ukiwa wazi. Zungusha ufunguo na utazame ulimi ukitoka. Ukitoka kwa wepesi mlango ukiwa wazi na kukwama ukiwa umefungwa, ulimi unagonga bati la kwenye fremu, kwa kuwa mlango umeshuka au mbao zimevimba. Paka risasi ya penseli kwenye ncha ya ulimi, funga, fungua, uone alama imebaki wapi kwenye bati, kisha uchonge tundu hapo kwa tupa. Kama unakaza hata mlango ukiwa wazi na kitasa ni cha silinda, fuata njia ya kufuli. Tofauti ni kwamba huwezi kukitumbukiza, kwa hiyo tumia breki klina yenye mrija mwembamba, na funika mbao kwa kitambaa kwa sababu itaharibu vanishi.

Sasa lile nililoahidi kurudia. Kama baada ya usafi na grafaiti kufuli bado linataka ucheze na ufunguo, uuinue au uuvute nyuma kidogo ndipo uzunguke, pini zimelika na hakuna unga utakaozirefusha. Nunua jipya kabla ufunguo haujakukatikia, maana kulikata kufuli kwa grainda asubuhi wateja wakisubiri ni gharama zaidi. Na siku utakayolinunua, chukua ufunguo mmoja uuhifadhi nyumbani usiutumie. Kila ukitaka nakala, mpe mchonga funguo huo, usimpe ule wa kwenye mkufu wako. Kufuli jipya lenyewe liwekee grafaiti kama mara mbili kwa mwaka, na usimruhusu mtu akuletee chupa ya mafuta.